Slaidi ya Pili

Mzungumzaji alikuwa daktari bingwa mwenye sauti ya upole, na ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa. Kandokando ya jukwaa yalisimama mabango mawili ya kampuni ya dawa iliyogharimia shughuli ile. Slaidi ya kwanza ilionyesha mada na jina lake. Ya pili ilikuwa na kichwa "Tamko la Maslahi", na chini yake mistari mitano au sita ya maandishi madogo. "Hizi ni taratibu tu," alisema, akabonyeza, na tayari tukawa kwenye slaidi ya tatu. Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma kama mwandishi wa habari za afya, na kalamu yangu haikuwahi hata kugusa karatasi. Kwa dakika 40 zilizofuata tulisikiliza habari za dawa moja. Jirani yangu, tabibu kijana kutoka kituo cha afya cha wilayani, aliandika jina la dawa ile kwenye daftari lake, akalipigia mstari mara mbili.

Tangu siku ile, katika mikutano ya namna hiyo, slaidi ninayoingoja ni ile ya pili. Nyingine zote zinahusu ugonjwa na dawa. Hiyo peke yake inamhusu msemaji. Ndiyo inayompa tabibu kijana mizani ya kupimia yote atakayoyasikia baada yake. Ikipita kwa sekunde tatu, anarudi kituoni na jina la dawa bila mizani, na anayekuja kumezeshwa dawa hiyo ni mama yako au baba yangu.

Madaktari wengi huyaogopa maneno "mgongano wa maslahi" kwa sababu yanasikika kama shtaka. Mwaka 2009 taasisi ya tiba ya Marekani iliyoishauri serikali ya nchi hiyo ilitoa ripoti kubwa juu ya jambo hili, na maana iliyoitoa bado ndiyo inayotumika zaidi: mgongano wa maslahi ni mazingira yanayoleta hatari kwamba uamuzi wa kitaaluma kuhusu jambo la msingi utaathiriwa isivyostahili na jambo la pembeni. La msingi ni mgonjwa. La pembeni ni fedha, safari, cheo au urafiki. Uzito wote upo kwenye neno "mazingira". Refa ambaye mdogo wake anachezea moja ya timu mbili yumo katika mgongano wa maslahi kabla hajapuliza filimbi hata mara moja. Anaweza kuchezesha mechi kwa haki tupu. Lakini watazamaji wana haki ya kujua, na yeye hawezi kuwa hakimu wa haki yake mwenyewe.

Daktari atakuuliza: kweli unadhani sahani ya pilau itanibadilisha? Watanzania tuna kumbukumbu ya swali hilo. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Kila mtu aliyeishi kipindi kile anajua jinsi ilivyokuwa vigumu kusema ukarimu unaishia wapi na ushawishi unaanzia wapi. Kwa madaktari, mtu alijaribu kupima. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichukua kumbukumbu za malipo ya kampuni za dawa kwa madaktari wapatao 280,000 na kuzilinganisha na dawa walizoandika. Waliangalia dawa nne za majina ya biashara, zikiwamo ya kushusha lehemu na za shinikizo la damu. Madaktari waliokuwa wamelishwa mlo mmoja tu na kampuni inayotangaza dawa husika, mlo ambao kwa kawaida haukufika dola 20, waliiandika dawa hiyo zaidi kuliko wenzao ambao hawakulishwa. Milo ilipoongezeka, tofauti nayo iliongezeka. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha. Huenda daktari aliyekwisha kuipenda dawa ndiye anayekwenda kwenye chakula chake. Hata hivyo unatosha kuondoa dhana kwamba kitu kidogo hakina haja ya kutajwa.

Basi tamko zuri linaandikwaje? Nitamtumia daktari wa kubuni, na kampuni ya kubuni nitakayoiita Kampuni A, ili nisimguse mtu. Dawa lakini ni ya kweli: dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari na sasa inatumika pia kwa wagonjwa ambao moyo wao umedhoofika na hausukumi damu ipasavyo.

Daktari wetu ni bingwa wa moyo, anafanya kazi Mwanza. Kampuni A, inayouza dapagliflozini kwa jina lake la biashara, imemwalika Dar es Salaam azungumze na madaktari na matabibu 80 jioni ya Alhamisi. Itamlipa shilingi 800,000 kwa kuzungumza. Imekata tiketi yake ya ndege na kulipia hoteli, jumla shilingi 840,000. Anaketi kwenye kompyuta, anaandika slaidi ya pili hivi:

"Nimepokea msaada wa kielimu kutoka kwa kampuni mbalimbali. Maoni yote ni yangu binafsi."

Hakuna uongo hapo, na hakuna habari pia. "Msaada wa kielimu" ni jina la heshima ambalo kampuni huyapa malipo yake. Msikilizaji hajui kama ni kalamu, tiketi ya Ulaya au mshahara wa pembeni. "Kampuni mbalimbali" inaificha Kampuni A ndani ya umati, ilhali ndiyo iliyosimamisha mabango pale mbele. Na "maoni yangu binafsi" ni ombi la kuaminiwa, limewekwa mahali ambapo pangepaswa kuwekwa sababu za kuwa mwangalifu. Sentensi hiyo ningeifuta katika kila tamko.

Mwenzake anamkosoa, naye anakwenda upande wa pili. Anaorodhesha kampuni 14 alizowahi kushughulika nazo tangu amalize masomo, kwa mpangilio wa alfabeti, kwenye slaidi moja. Sasa kila kitu kipo, na Kampuni A ni ya kwanza katika orodha kwa bahati ya jina lake tu. Hii ni namna nyingine ya kuficha, na wasikilizaji wengi huipigia makofi kwa sababu inafanana na uwazi. Mtu mwenye sekunde kumi hawezi kujua lipi kati ya majina 14 linahusika na mhadhara wa leo na lipi ni la semina ya viuavijasumu ya miaka tisa iliyopita.

Kinachohitajika ni kuchuja kwa swali moja: ni uhusiano gani, wa lini, unaoweza kuigusa mada ya leo? Kuhusu muda, taasisi hazifanani. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba huwauliza waandishi wa makala mambo ya miezi 36 iliyopita. Chombo kinachosimamia mafunzo endelevu ya madaktari Marekani huuliza miezi 24. Mimi ningechukua 36, kwa kuwa mahusiano ya kampuni na bingwa hudumu, na mtu hukumbuka wema kwa zaidi ya miaka miwili.

Daktari wetu anapojiuliza swali hilo kwa uaminifu, mambo yanaibuka moja baada ya jingine. Amekaa mara mbili kwenye jopo la ushauri la Kampuni A, na kila mara alilipwa shilingi 1,200,000. Mwaka jana kampuni ilimpeleka kwenye mkutano wa magonjwa ya moyo Ulaya. Hilo nusura aliache, kwa sababu hakuna hata senti iliyopita mkononi mwake: kampuni ililipa shirika la ndege, hoteli na ada ya mkutano moja kwa moja, takriban shilingi milioni tisa. Hapa ndipo matamko mengi hupungukiwa. Watu huhesabu bahasha, hawahesabu tiketi. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote alichopokea daktari huyu ni safari ile, na kukiacha ni kutaja kuku ukasahau ng'ombe.

Kuna pia utafiti. Hospitali yake inashiriki katika jaribio la dawa linalogharimiwa na Kampuni A, naye ndiye mtafiti mkuu hapo. Fedha huingia akaunti ya hospitali, yeye hapati chochote cha ziada. Bado ni la kutajwa, kwa sababu jaribio linampa jina, machapisho na vifaa vya idara yake, na kampuni inaweza kulipeleka jaribio lijalo kwingine. Na kuna shemeji. Mume wa dada yake ana duka la dawa la jumla linalosambaza bidhaa za Kampuni A kanda ya ziwa. Fomu nyingi za kigeni huuliza habari za mwenzi wa ndoa na kuishia hapo. Kwetu familia haiishii kwa mke na mume. Kama shemeji yako anauza dawa unayoisifia, na ada ya shule ya mpwa wako inatoka katika faida hiyo, wasikilizaji wana sababu ya kulijua hilo.

La mwisho halina fedha ndani yake. Daktari wetu ni mjumbe wa Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yake, ile inayoamua dawa zipi ziingie kwenye orodha ya kununuliwa. Kwa Kampuni A, kura yake moja mle inaweza kuwa na thamani kuliko wasikilizaji wote 80 wa ukumbini.

Halafu anarudi kwenye slaidi zenyewe, na hapa pana jambo ambalo karibu kila tamko hulinyamazia: nani aliyeziandika? Katika mihadhara ya kampuni ni kawaida mzungumzaji kupewa slaidi zilizokwisha kutengenezwa. Kampuni ina sababu yake ya halali, nayo ni kwamba hairuhusiwi kuitangaza dawa kwa matumizi ambayo mamlaka ya dawa haijayasajili, kwa hiyo wanasheria wake hutaka kila mstari upitiwe. Lakini msikilizaji anayemwona profesa jukwaani hudhani anasikia mawazo ya profesa. Kati ya slaidi 42 za daktari wetu, 30 zilitoka kwa kampuni na 12 ni zake. Kampuni ilizipitia zote 42, ikaomba mabadiliko mawili. La kwanza lilikuwa kusahihisha dozi aliyoikosea. Alikubali na akashukuru. La pili lilikuwa kuondoa slaidi ya 37, inayolinganisha gharama ya mwezi mmoja ya dapagliflozini na ya dawa za zamani za moyo. Alikataa, na kampuni ikaridhia.

Baada ya hayo yote, tamko lake linasomeka hivi:

"Mhadhara huu umeandaliwa na kugharimiwa na Kampuni A. Kampuni A inauza dapagliflozini, dawa nitakayoizungumzia leo. Imenilipa shilingi 800,000 kuzungumza nanyi, na imenilipia ndege na hoteli kwa shilingi 840,000. Katika miezi 36 iliyopita nimeketi mara mbili kwenye jopo lake la ushauri na kulipwa jumla ya shilingi 2,400,000, na imenigharimia safari ya mkutano wa moyo Ulaya, takriban shilingi 9,000,000. Ninaongoza jaribio la dawa la kampuni hii hospitalini kwetu. Fedha zake zinaingia hospitali. Shemeji yangu anasambaza bidhaa zake. Sina hisa katika kampuni yoyote ya dawa, na sijapokea kitu kutoka kwa washindani wa Kampuni A. Slaidi 30 kati ya 42 zimetoka kwa kampuni. Zimewekewa alama pembeni. Kampuni ilizipitia zote na kuomba mabadiliko mawili: la dozi nilikubali, la kuondoa ulinganisho wa gharama nilikataa. Ni mjumbe wa Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yetu, na dawa hii ikijadiliwa nitatoka nje ya kikao."

Yasome kwa sauti ya kawaida. Yatakuchukua kama dakika moja hivi. Ndiyo bei yote ya uwazi huo katika mhadhara wa dakika 40. Hakuna kuomba radhi ndani yake, wala kujisifu, wala neno "tu" la kupunguza uzito wa kitu. Majina ni kamili, vitenzi ni vya wazi: imenilipa, imenigharimia, anasambaza. Hata yasiyokuwapo yametajwa, kama hisa, kwa sababu ukimya hauelezi kama mtu hana au hakuulizwa. Kwa sababu hiyohiyo daktari asiye na uhusiano wowote na kampuni naye anapaswa kusema hivyo kwa sentensi moja badala ya kuiruka slaidi.

Wengi nilioongea nao hukwama kwenye kiasi. Daktari mmoja aliniambia: "Ndugu yangu, nikitaja milioni tisa mbele ya watu, kesho nyumbani kutakuwa na foleni ya wajomba." Sikumwona kuwa anakwepa, anaishi hapa, na shida hiyo ni ya kweli. Kinachosaidia ni kutaja viwango badala ya tarakimu kamili: chini ya milioni moja, kati ya moja na tano, zaidi ya tano. Msikilizaji hahitaji kujua senti. Anahitaji kutofautisha kati ya mtu aliyepewa chai na mtu aliyepelekwa Ulaya, na neno "msaada" likiachwa peke yake haliwatofautishi.

Marekani hawakuliacha kwa hiari ya daktari. Sheria iliyopitishwa mwaka 2010 inazilazimisha kampuni zenyewe kuripoti malipo yao kwa madaktari, na tangu Septemba 2014 mtu yeyote anaweza kutafuta jina la daktari wake na kuona alilipwa nini, na nani, kwa kazi gani. Daktari Mkenya au Mtanzania mwenye leseni ya huko, akilipwa na kampuni, naye anaonekana humo. Faida moja ya utaratibu huo husahaulika: tamko la mdomo linaweza kulinganishwa na kumbukumbu. Pasipokuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, tamko ni neno la mtu, na ndiyo maana linapaswa kuwa mahususi kiasi kwamba likiwa na kosa, kuna mtu ukumbini atakayeweza kulisahihisha.

Wakati wa kutamka nao una maana. Vigezo vya maadili vya Shirika la Afya Duniani kuhusu utangazaji wa dawa, vya mwaka 1988, vinataka ufadhili wa mkutano utajwe wazi mapema kabla ya mkutano, siku ya mkutano, na katika machapisho yake. Ni agizo la zamani na ni la busara. Tabibu anayeona kwenye barua ya mwaliko kwamba Kampuni A ndiyo mwenyeji anaweza kuamua kutokwenda. Akiambiwa akiwa tayari ameketi na sahani mkononi, uamuzi huo umeshapita. Mimi ningeongeza tamko la nne, fupi, pale dawa inapotajwa kwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo dawa ya mwenyeji wetu" ni maneno sita, na yanamwamsha msikilizaji mahali hasa anapopaswa kuamka.

Hapo ndipo panapofaa kuonyesha mgongano wa maslahi unavyofanya kazi hata pasipo uongo. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uitwao DAPA-HF, wa wagonjwa 4,744 wenye moyo uliopungua nguvu, uliogharimiwa na kampuni iliyotengeneza dapagliflozini. Ulikuwa utafiti mzuri, na dawa ilisaidia. Katika kipindi cha takriban mwaka mmoja na nusu, kati ya wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 21.2 ama hali ya moyo ilizidi kuwa mbaya ama walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Kati ya waliopewa dapagliflozini walikuwa asilimia 16.3. Mzungumzaji anaweza kusema hatari imepungua kwa robo na zaidi kidogo, ni kweli. Anaweza kusema kwamba katika kila wagonjwa 100 waliotumia dawa, watano hivi waliepushwa. Ni kweli vilevile. Ukumbi ukisikia "robo" huinua vichwa, ukisikia "watano kati ya mia" huanza kupiga hesabu ya bei. Slaidi za kampuni huwa na sentensi ya kwanza kwa herufi kubwa. Hakuna aliyedanganya, ila mtu mwingine amechagua kipi kionekane. Msikilizaji aliyelisikia tamko hujua kuuliza sentensi ya pili.

Lakini tamko lina mpaka wake, na ningekuwa namdanganya msomaji nisipousema. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Cain, Loewenstein na Moore, walichapisha jaribio la kuvutia. Mtu mmoja alitakiwa kukadiria thamani ya sarafu zilizojazwa kwenye chombo cha kioo alichokiona kwa mbali na kwa muda mfupi. Mshauri wake alikiona kwa karibu, akampa ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri mkadiriaji alivyotaja thamani kubwa; ndiyo maslahi yao. Kwa nusu ya jozi hizo, mkadiriaji aliambiwa wazi jinsi mshauri anavyolipwa. Ungetarajia uwazi umlinde. Kilichotokea ni kwamba washauri ambao maslahi yao yalitangazwa walitia chumvi zaidi kuliko ambao yao yalifichwa. Wakadiriaji walipunguza kidogo ushauri waliopewa, ila hawakupunguza vya kutosha, wakaishia kukosea zaidi. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: mtu akishasema "nimewaambia", huhisi ameruhusiwa, na msikilizaji naye humwamini zaidi anayekiri.

Ndiyo maana sentensi zenye uzito kuliko zote katika tamko la daktari wetu zinahusu alichofanya, na fedha hufuata nyuma: slaidi za kampuni amezitia alama, slaidi ya gharama amekataa kuiondoa, kikao cha kamati atatoka nje. Tamko lisilo na hata kitendo kimoja cha namna hiyo linaniachia mimi mzigo wote wa kusahihisha, na jaribio la sarafu linaonyesha kwamba siuwezi.

Kuna pia hali ambapo hakuna maneno yatakayotosha. Julai 2020 kampuni ya Novartis ilikubali kulipa dola milioni 678 kumaliza mashauri nchini Marekani yaliyohusu mihadhara yake ya madaktari. Serikali ilidai kwamba maelfu ya shughuli zilizoitwa mihadhara zilikuwa njia ya kuwalipa madaktari waandike dawa za kampuni hiyo: chakula cha jioni katika migahawa ya gharama, mazungumzo ya kitabibu kidogo au yasiyokuwapo kabisa, watu walewale wakihudhuria mada ileile mara kwa mara. Miezi michache baadaye ofisi ya ukaguzi ya wizara ya afya ya Marekani ilitoa tahadhari kwa madaktari na kutaja dalili za kuangalia. Nyingine hazihitaji sheria ya Marekani kuzitambua. Kama hakuna jambo jipya la kufundisha, kama pombe inamiminwa, kama wahudhuriaji waliisikia mada hiyohiyo mwaka huu, kama idara ya mauzo ndiyo iliyomchagua mzungumzaji kwa kuangalia anaandika dawa kiasi gani, basi hiyo si elimu, na daktari anayetamka kila kitu kisha akazungumza atakuwa ameeleza vizuri jambo ambalo hakupaswa kulifanya.

Msomaji ambaye si daktari anaweza kudhani haya yanaishia hotelini. Hayaishii. Vipindi vya afya vya redio na runinga vya asubuhi navyo hugharimiwa na kampuni, na daktari anayejibu simu za wasikilizaji hulipwa na mtu. Redioni hakuna slaidi, na dakika nzima ya tamko itamfukuza msikilizaji. Sekunde kumi na tano zinatosha: "Kabla sijaanza, wasikilizaji mjue kipindi hiki kimelipiwa na Kampuni A, nami wamenilipa kuja hapa. Nikitaja dawa yao nitawaambia, na nitataja zinazofanya kazi kama hiyo." Sijawahi kusikia maneno kama hayo hewani, na ningefurahi kuyasikia.

Turudi kwa daktari wetu wa kubuni, Alhamisi jioni. Amesoma tamko lake lote. Amefika slaidi ya 37, ile ambayo kampuni iliomba iondoke, na anakaribisha maswali. Tabibu kijana wa wilayani anasimama.

"Shikamoo dokta. Kituoni kwangu dawa hii haipo, na wagonjwa wangu hawaimudu. Nifanye nini?"

"Marahaba. Tazama slaidi hii hapa. Hii nimeiandika mwenyewe. Anza na enalapril, kaveliloli na spironolaktoni, dozi ndogondogo, panda taratibu huku ukipima shinikizo, figo na potasiamu. Wagonjwa wengi wa moyo uliodhoofika hawajafikishwa hata kwenye dozi kamili ya dawa hizo. Dapagliflozini ikipatikana kwa bei wanayoimudu, ongeza."

Kijana anaandika. Mstari mara mbili anaupiga chini ya neno "potasiamu".